Ujumbe wa Mei Mosi kwa watu wa zamu ya saa 12: piga hesabu kwanza, andika baadaye

*"Nasimamia kiwanda cha ndoo na mabeseni ya plastiki hapa Dar es Salaam. Tuna zamu mbili, saa 12 kila moja, siku 6 kwa wiki. Kila Mei Mosi tunabandika ujumbe wa pongezi ubaoni. Mwaka jana mtu aliandika kwa kalamu chini yake: 'Na ovataimu je?' Mwaka huu nataka kuuandika mwenyewe, niwatambue watu kwa zamu ndefu na kwa utu wao, bila kaulimbiu tupu. Niandike nini?"*

Ndugu meneja, huyo mwenye kalamu usimtafute wala usimkasirikie. Amekuonyesha mahali hasa ambapo ujumbe wenu ulikwepa kugusa, na ndipo wa mwaka huu unapopaswa kuanzia.

Wengi hudhani kaulimbiu zinachosha kwa sababu zimerudiwa mno, basi hukaa na kutafuta maneno mapya. Tatizo haliko huko. "Wafanyakazi ni uti wa mgongo wa kampuni" inaweza kuwa kweli tupu, ila anayeisoma anazijua saa zake kuliko unavyozijua wewe. Kila sentensi ya ubaoni anaipima na vitu anavyovishika: hati yake ya mshahara, saa aliyotoka getini jana, siku aliyoomba ruhusa akakataliwa. Sentensi isiyopimika anaipita tu. Inayopingana na hati yake ya mshahara anaichukulia kalamu. Kwa hiyo kuandika vizuri hakutakuokoa kama hesabu ya nyuma ya maandishi haijakaa sawa.

Tena siku yenyewe ndiyo ya hesabu hiyo. Mei Mosi ilitokana na mgomo ulioanza Marekani tarehe 1 Mei 1886, na dai lilikuwa moja: siku ya kazi iwe ya saa 8. Meneja wa zamu za saa 12 anayetoa pongezi siku hiyo bila kutaja saa anaacha kitu ambacho kila mtu uwanjani anakiona.

Basi tuhesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Zinazozidi hapo ni za ziada, zinahitaji makubaliano na mfanyakazi, zinalipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi, na zisizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne. Kwa siku nzima, ukichanganya zote, mtu asifanye kazi zaidi ya saa 12. Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo anastahili mapumziko ya dakika 60, na kati ya kumaliza zamu moja na kuanza nyingine apate saa 12 mfululizo za kupumzika.

Mtu wako anaingia saa 12 asubuhi na kutoka saa 12 jioni. Ukitoa saa moja ya chakula, amefanya kazi saa 11. Kwa siku 6 ni saa 66. Ondoa 45 za kawaida, zinabaki 21 za ziada kila wiki, yaani 84 kwa wiki nne. Kikomo ni 50. Hata kama mnalipa kila senti, mmevuka, na hakuna sentensi ya shukrani inayoweza kulibeba hilo. Ukiandika "tunatambua saa nyingi mnazojitolea", umeweka kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni ushahidi kwamba saa ni nyingi kupita kiasi, na umeiita kujitolea kazi ambayo mtu aliogopa kuikataa.

Hesabu hiyo imechukulia kwamba saa ya chakula ni ya kweli. Hapa ndipo viwanda vya plastiki huteleza. Mashine ikisimama, plastiki iliyoyeyuka hubaki kwenye pipa la moto na kuanza kuungua. Ukiiwasha tena unalazimika kuisukuma nje ile iliyoharibika, na ndoo kadhaa za kwanza zinatoka na madoa, zinarudi kusagwa. Kwa kuogopa hasara hiyo suparvaiza hawezi kuizima, na kama hakuna mtu wa kushika nafasi, opereta anakula ugali kwa dakika 15 akiwa ameketi kando ya mashine huku jicho likiwa kwenye kalibu. Hayo si mapumziko. Mtu akitakiwa kufanya kazi katika muda wake wa mapumziko, sheria inataka alipwe muda huo. Kwa hesabu hiyo saa zinakuwa 72 kwa wiki, na za ziada 108 kwa wiki nne.

Usitegemee karatasi za zamu kujua ukweli huu, kwani zimechapwa "mapumziko 7:00–8:00" tangu kiwanda kifunguliwe. Simama kwenye ukumbi wa mashine siku mbili, moja mchana na moja usiku, uangalie nani hasa anatoka na anarudi saa ngapi. Linganisha pia saa ya kugonga kadi na saa ya kutoka getini. Foleni ya kupekuliwa ikichukua dakika 20 kila jioni, hizo ni saa 2 kwa wiki ambazo mtu yuko mikononi mwako bila malipo. Na mwenzake wa zamu ya pili akichelewa robo saa, huyu aliyemsubiri, kama hakupata saa yake ya chakula, amekwisha kuvuka saa 12 za siku, na kwa vyovyote amekatwa zile saa 12 za kupumzika kati ya zamu. Kwa mpangilio wenu hakuna hata dakika moja ya akiba.

Sasa nini kifanyike kabla ya kalamu kugusa karatasi? Njia ambayo watu huitaja kwanza ni zamu tatu za saa 8. Kisheria ni safi, na kwa kiwanda si ghali kama inavyoogopwa. Ila iangalie kwa upande wa anayelipwa. Chukua mshahara wa msingi wa shilingi 312,000 kwa mwezi. Sheria inagawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 ili kupata wa wiki, kisha kwa saa za wiki. Kwa wiki ya saa 45 kigawanyo ni 195, na unapata shilingi 1,600 kwa saa. Mtu anayefanya saa 66 na kulipwa ipasavyo anapata malipo ya saa 45, pamoja na saa 21 za mara moja na nusu, jumla shilingi 122,400 kwa wiki. Mpeleke kwenye zamu ya saa 8 anabaki na 72,000. Umempa usingizi na umempunguzia kipato karibu mbili ya tano, wakati kodi ya nyumba na ada ya mtoto zilikwisha kupangwa kwa ile 122,400. Ukitangaza hilo siku ya Mei Mosi kama zawadi, utashangaa kuona watu wamenuna, na hawatakuwa na makosa.

Kuna njia ya kati ambayo kwa kiwanda cha aina yako naiona bora. Kwa kila waendesha mashine 4 mlio nao, ongeza mmoja, na kila mtu afanye siku 5 badala ya 6. Mashine 2 kwa zamu 2 kwa siku 6 zinahitaji zamu 24 kwa wiki. Watu 5 kwa siku 5 wanatoa 25. Ile moja inayobaki inasaidia kushika nafasi wakati wenzao wanakula, ingawa haitoshi peke yake. Kwa mashine 6 zinazokwenda pamoja weka mtu mmoja wa akiba katika kila zamu, apite mashine moja baada ya nyingine, saa nzima kwa kila moja. Kwa mpangilio huu mtu anafanya saa 55 kwa wiki. Za ziada ni 10, kwa wiki nne ni 40, na kikomo cha 50 hakijaguswa. Anapata shilingi 96,000 kwa wiki, kwa hiyo kipato kinashuka, lakini si kwa kishindo, na anapata siku 2 za kupumzika.

Kwa mfuko wa kiwanda, watu 4 kwa saa 66 walikuwa wanagharimu 489,600 kwa wiki. Watu 5 kwa saa 55 wanagharimu 480,000. Hiyo ni mishahara ya msingi na ovataimu peke yake. Mtu wa tano anakuja na likizo yake, sare, chakula na mafunzo, kwa hiyo usimwambie mkurugenzi kwamba mtaokoa fedha. Mwambie gharama hazipishani sana, na mnatoka kwenye kosa. Ila kama hadi sasa mmekuwa mkilipa ovataimu kwa kiwango cha kawaida, au posho ya jumla isiyo na hesabu, tofauti itakuwa kubwa. Hapo gharama halisi ni ya deni lenu la zamani, tusimsingizie mtu wa tano.

Zamu ya usiku ina hesabu yake. Kisheria usiku ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kila saa iliyofanywa humo inaongezwa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa. Kwa mfano wetu ni shilingi 80 kwa saa, na kama saa hiyo ni ya ziada asilimia inahesabiwa kwenye kiwango cha ziada. Fedha ni ndogo, lakini ikikosekana kwenye hati ya mshahara watu wa usiku huielewa kama ishara kwamba hamjui wapo.

Na kabla hujasahau: Mei Mosi ni sikukuu ya umma. Anayefanya kazi siku hiyo analipwa mara mbili ya mshahara wa msingi kwa kila saa aliyofanya siku hiyo. Wahasibu wengi huwapa zamu ya mchana tu. Aliyeingia tarehe 30 Aprili saa 12 jioni ameingia Mei Mosi saa 6 usiku akiwa mashineni, na saa zake kuanzia hapo hadi alfajiri ni za sikukuu. Aliyeingia Mei Mosi jioni naye ana saa zake hadi saa 6 usiku. Zikague hizo mwenyewe kabla mishahara ya Mei haijafungwa, kwa sababu ujumbe wako utasomwa upya siku hati zinapotoka.

Baada ya hapo maneno ni machache. Kuhusu utu, usiutaje kwa jina lake. Taja mahali unapoguswa. Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU ulikataza viongozi majivuno, dharau na uonevu, na migomo kadhaa ya viwandani iliyofuata nchini ilianzia kwenye lugha na matendo ya mameneja zaidi kuliko kwenye mshahara. Mambo hayajabadilika sana. Katika kiwanda cha zamu ndefu, utu unapatikana kwenye ruhusa ya kwenda chooni bila kuomba mara mbili, namna mlinzi anavyompekua mama getini, suparvaiza kumwita mtu kwa jina badala ya "wewe wa mashine ya tatu", na ovataimu kutangazwa jana badala ya dakika 10 kabla ya kutoka. Chagua mambo mawili ambayo uko tayari kuyabadilisha. Ukiorodhesha kumi hutayasimamia.

Kabla ya kuandika, kaa na viongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi, kama TUICO wapo kiwandani kwako, au na wawakilishi waliochaguliwa. Usiwapelekee ujumbe ulioiva wausifu. Wapelekee jedwali la zamu, kwa sababu huwezi kulibadilisha peke yako hata kama nia ni njema: linagusa mikataba ya watu na kipato chao. Pata pia saini ya mkurugenzi kwa kila tarehe na kila kiasi utakachokitaja. Ahadi ya Mei Mosi isiyotimia hukumbukwa hadi Mei Mosi ya pili, na hapo hata yule wa kalamu hatajisumbua kuandika.

Kama hayo yamekamilika, ujumbe wenyewe unaweza kuwa hivi:

> Ndugu zangu wa zamu zote mbili, wa mashine, wa kusaga, wa stoo, wa usafi, pamoja na vibarua na walioletwa na wakala:
>
> Kwa muda mrefu zamu zetu zimekuwa za saa 12, siku 6. Nimekaa kwenye ukumbi wa mashine mchana na usiku, nikaona kwamba saa ya chakula iliyoandikwa kwenye karatasi wengi wenu hamuipati. Saa tunazowafanyisha kazi zimevuka zinazoruhusiwa na sheria. Hilo ni jukumu la uongozi, si lenu.
>
> Tumekubaliana na viongozi wenu haya. Kuanzia Jumatatu ya kwanza ya Juni kila mwendesha mashine atafanya siku 5. Tunaajiri watu wapya, na vibarua waliopo ndio watakaofikiriwa kwanza. Kila zamu itakuwa na mtu wa kushika nafasi, ili saa ya chakula iwe saa nzima, nje ya ukumbi. Najua kupungua kwa siku kunapunguza ovataimu. Ofisi ya utumishi itamwonyesha kila mmoja hesabu yake kabla ya mabadiliko, na viongozi wenu watakuwepo.
>
> Upekuzi wa getini utafanywa na mwanamke kwa wanawake, na foleni zitakuwa mbili.
>
> Saa zote zitakazofanywa Mei Mosi, pamoja na za zamu ya usiku zinazoangukia siku hiyo, zitalipwa mara mbili. Ziangalie kwenye hati ya Mei. Zisipoonekana, njoo kwangu au kwa kiongozi wako wa tawi.
>
> Anayekata ukingo wa ndoo saa 10 alfajiri na kuikataa yenye ufa, badala ya kuipitisha, analinda jina la kiwanda wakati sisi wa ofisini tumelala. Nawashukuru kwa kazi hiyo.

Angalia shukrani ilikokaa: mwishoni, sentensi mbili, na inahusu tendo ambalo kila mtu pale analifahamu. Ikitangulia mbele ya hesabu inageuka sukari ya kumezea dawa. Angalia pia kwamba vibarua na watu wa wakala wametajwa mwanzoni. Wakiachwa watajua ujumbe haukuwahusu, na wao mara nyingi ndio wenye zamu ndefu kuliko wote.

Kama mkurugenzi hajaridhia mabadiliko, usichapishe maneno haya yakiwa na tarehe za kubuni. Andika ujumbe mfupi zaidi: saa za sikukuu zitalipwa vipi, lipi moja lililo ndani ya mamlaka yako linabadilika mara moja (foleni ya getini, kwa mfano, haihitaji bajeti), na siku gani mtakaa na wawakilishi kuzungumzia zamu. Aya tatu zenye ukweli zinatosha. Sentensi ya kukiri kuvuka sheria usiiweke kabla ya kupata ushauri na kabla marekebisho hayajakubaliwa. Usiandike pia jambo linaloonyesha kinyume chake.

Kuusoma, usome mwenyewe, mara mbili, yaani mara moja kwa kila zamu. Usiwazuie watu wa usiku baada ya saa 12 asubuhi ili wasubiri hotuba; wamechoka, na dakika hizo zinawakata saa 12 za kupumzika kati ya zamu. Wasomee wakati wa kuanza zamu, jioni, ndani ya muda wa kazi unaolipwa, bila kuwachelewesha wa mchana kutoka. Dakika 3 hadi 4 zinatosha. Bandika nakala karibu na saa ya kugongea kadi na nyingine mahali pa kulia chakula, na acha nafasi tupu chini ya karatasi pamoja na kalamu iliyofungwa kwa kamba. Mkiweka kwenye kundi la Wasapu, tuma maandishi yale yale, wala usitume picha ya mkurugenzi akikata keki. Tisheti na kofia za maandamano ni jambo zuri, watu wanazipenda. Ziwe tu hazikukatwa kwenye mshahara, na asilazimishwe mtu wa usiku kuandamana akitoka zamu.

Yapo mambo yasiyoweza kumalizwa kwa majibu ya maandishi kama haya. Ukigundua deni la ovataimu la miezi ya nyuma, mwone wakili wa masuala ya kazi au wataalamu wa Chama cha Waajiri Tanzania mkiwa na kumbukumbu za kadi mkononi, kabla ya kutamka kiasi chochote hadharani. Mkishindwa kuelewana na wawakilishi kuhusu jedwali jipya, nenda kwa afisa kazi wa mkoa wako mapema, na mgogoro ukikomaa kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Na kama kwenye daftari lako la ajali kuna vidole vilivyobanwa kwenye kalibu, hasa kati ya saa 9 usiku na alfajiri au kuelekea mwisho wa zamu, usisubiri Mei Mosi wala Juni. Waite wakaguzi wa usalama kazini wa OSHA, na kuanzia wiki hii mtu yeyote asiongezewe hata saa moja juu ya zamu yake.